Fomu Mpya ya Tathmini: Soma Kwanza Alama Zitakwenda Wapi

Waraka wa meneja rasilimali watu unaotangaza fomu mpya ya tathmini huwa na mpangilio uliozoeleka. Aya ya kwanza inawashukuru wafanyakazi kwa mwaka unaokwisha. Ya pili inaeleza upungufu wa fomu ya zamani. Zinafuata tarehe, jedwali la alama, na maelekezo ya nani ajaze sehemu gani. Mahali fulani kuelekea mwisho, katikati ya aya ambayo macho yameshaichoka, kuna sentensi inayosema alama hizo zitatumika kwa nini. Wafanyakazi wengi huijua sentensi hiyo mwezi wa tatu, barua za nyongeza zinapotoka, na hapo mwaka wanaopimiwa ulishapita.

Nimefanya kazi katika idara za rasilimali watu kwa miaka mingi. Nyaraka za aina hii nimeziandika, nimezijibia maswali, na nimekaa kwenye vikao vinavyozigeuza kuwa fedha. Nataka tuusome mmoja pamoja. Si wa kampuni yoyote: nimeutunga kwa kuunganisha mambo ya kawaida ya nyaraka nyingi, ili hesabu yake iweze kufuatwa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Tuseme ni kampuni ya kusambaza vinywaji jijini Dar es Salaam yenye wafanyakazi 120, na waraka umetoka Novemba. Anayeusoma ni mtunza ghala mwenye mshahara wa shilingi 800,000 kwa mwezi.

Waraka unasema hivi: “Kuanzia Januari, kila mfanyakazi atakubaliana na msimamizi wake wa karibu malengo matatu ya mwaka. Malengo yatabeba asilimia 70 ya alama, na mwenendo kazini asilimia 30. Alama zitakuwa kati ya 1 na 5. Mapitio ya nusu mwaka yatafanyika Juni, na tathmini ya mwisho Desemba. Alama za mwisho zitazingatiwa katika nyongeza ya mshahara, upandishwaji cheo, mafunzo na uamuzi kuhusu mikataba.”

Kabla ya jambo jingine lolote, mtunza ghala aulize: 5 ni juu au ni chini? Swali hili si la kitoto. Katika utumishi wa umma wa Tanzania, mfumo wa wazi wa mapitio na tathmini ya utendaji kazi, ule uliojulikana kwa wengi kama OPRAS, ulianza kutumika mwaka 2004 na kuchukua nafasi ya taarifa za siri ambazo mtumishi hakuwahi kuziona. Katika fomu zake, 1 ndiyo ilikuwa alama bora kabisa na 5 ndiyo mbaya kabisa. Kampuni nyingi binafsi huhesabu kinyume chake. Mtu aliyetoka serikalini akaingia kampuni binafsi, akajipa 2 kwenye sehemu ya kujitathmini akidhani amejisifu kwa kiasi, amejiandikia kwamba yuko chini ya matarajio. Waraka ulioandikwa vizuri hauishii kwenye namba. Unaweka neno kando ya kila namba, na kando ya neno unaweka mfano wa kazi. Katika waraka wetu 5 ndiyo ya juu, na 3 maana yake ni “anatimiza kazi yake kama ilivyokubaliwa.”

Hiyo 3 nayo inahitaji maelezo, kwa sababu wengi wetu tumelelewa na shule, na shuleni tatu kati ya tano ni asilimia sitini, alama ya mtoto wa katikati. Kwenye fomu ya tathmini 3 ni mtu aliyefanya kila alichoahidi. Meneja asipolieleza hili kwa sauti, ana kwa ana, wasimamizi wataona aibu kumpa mtu mzuri 3, watampa 4, na baada ya mwaka mmoja idara nzima itakuwa na 4. Alama inayotolewa kwa kila mtu haimwambii mtu yeyote kitu.

Sasa tuingie kwenye hesabu. Mtunza ghala na msimamizi wake wameandika malengo matatu. La kwanza, lenye uzito wa asilimia 40 ndani ya malengo: tofauti kati ya mzigo uliohesabiwa ghalani na ulio kwenye vitabu isizidi nusu asilimia kila mwisho wa mwezi. La pili, uzito wa asilimia 30: magari yote ya usambazaji yawe yametoka ghalani kabla ya saa 2:00 asubuhi. La tatu, pia asilimia 30: kreti zinazovunjika au vinywaji vinavyopitwa na muda vipungue kuliko mwaka uliopita.

Desemba inafika. Hesabu ya mzigo imekwenda vizuri mwaka mzima, anapata 4. Magari yamechelewa mara kwa mara, anapata 2. Uharibifu umepungua kidogo, anapata 3. Kila alama inazidishwa kwa uzito wake: 4 mara 0.4 ni 1.6, 2 mara 0.3 ni 0.6, 3 mara 0.3 ni 0.9. Jumla ya malengo ni 3.1. Kwenye mwenendo kazini, yaani mahudhurio, usalama, ushirikiano na wenzake, amepata wastani wa 3.5. Malengo yanabeba asilimia 70, kwa hiyo 3.1 mara 0.7 ni 2.17. Mwenendo unabeba 30, kwa hiyo 3.5 mara 0.3 ni 1.05. Alama yake ya mwisho ni 3.22.

Kiambatisho cha waraka kina jedwali la nyongeza. Aliye chini ya 2.5 hapati nyongeza na anaingia kwenye mpango wa kuboresha utendaji wa miezi mitatu. Kuanzia 2.5 hadi chini ya 3.5, nyongeza ni asilimia 3. Kuanzia 3.5 hadi chini ya 4.5, asilimia 6. Kuanzia 4.5, asilimia 8. Mtunza ghala wetu kwa 3.22 yake anapata asilimia 3, shilingi 24,000 kwa mwezi.

Turudi kwenye lengo la pili. Magari yalichelewa kwa nini? Ukifungua daftari la getini, utaona kwamba siku nyingi magari yenyewe yalifika kupakia saa 1:40 au saa 1:50, kwa sababu yalilala gereji au dereva alikuwa akisubiri karatasi za mafuta kutoka ofisi ya uchukuzi. Kupakia gari moja huchukua dakika arobaini. Mtunza ghala alipakia kwa muda uleule kila siku, lakini lengo halikupima kupakia, lilipima kutoka. Alipewa 2 kwa kazi ya idara nyingine.

Lengo hilo lingeandikwa hivi: “Gari lipakiwe na kukabidhiwa karatasi zake ndani ya dakika 45 tangu lilipofika ghalani.” Kwa daftari lilelile la getini, mtunza ghala yuleyule angepata 4. Rudia hesabu: 1.6, na 1.2 mahali pa 0.6, na 0.9, jumla 3.7. Mara 0.7 ni 2.59. Ongeza 1.05 ya mwenendo, unapata 3.64. Amevuka mstari wa 3.5, na nyongeza yake ni asilimia 6, shilingi 48,000 kwa mwezi. Tofauti ni shilingi 24,000 kila mwezi, 288,000 kwa mwaka, na haiishii mwaka huo, kwa sababu nyongeza ya mwaka ujao itahesabiwa juu ya mshahara mpya, na michango ya hifadhi ya jamii nayo hukatwa kutoka mshahara huohuo. Chanzo chake si uvivu wala chuki ya mtu. Ni neno “yatoke” lililoandikwa mahali pa neno “yapakiwe”, mwezi wa Januari, na watu wawili waliokuwa na haraka ya kurudisha fomu.

Ndiyo maana ninawaambia wafanyakazi kwamba tathmini yao hufanyika Januari kuliko Desemba. Desemba ni kujumlisha tu. Mtu anapokaa na msimamizi wake kuandika malengo, kwa kila lengo ajiulize swali moja: nikifanya kazi yangu yote ipasavyo, bado kuna mtu mwingine anayeweza kunifanya nishindwe? Kama yupo, lengo liandikwe upya lipime kile kilichomo mikononi mwake, au uzito wake upunguzwe. Juni, kwenye mapitio ya nusu mwaka, ana nafasi ya pili. Waraka mzuri unaruhusu lengo kubadilishwa Juni kwa maandishi iwapo hali imebadilika, kwa mfano ghala limehamishwa au mashine imekufa. Waraka usiotaja jambo hilo uulizwe.

Nimesema “aulize” mara kadhaa, na najua kwa wengi si rahisi kumhoji mkubwa wako mbele ya fomu. Inasaidia kwenda na kumbukumbu badala ya malalamiko. “Mama, nimeangalia daftari la getini la mwezi uliopita, magari kumi na mawili yalifika kwetu baada ya saa moja na nusu. Naomba lengo hili lihesabiwe tangu gari lifike.” Msimamizi mwenye akili ataona kwamba anasaidiwa, kwa sababu naye Desemba ataulizwa kwa nini ghala lake lina alama ya 2.

Fomu zikishajazwa, alama hazimfikii mfanyakazi moja kwa moja. Hapa pana chumba ambacho wafanyakazi wengi hawajui kama kipo. Wakuu wa idara hukutana na meneja rasilimali watu, fomu zote zikiwa mezani, na kuzilinganisha. Kuna sababu ya kweli ya kufanya hivyo: wasimamizi hawafanani. Yupo anayempa kila mtu 4 ili aishi kwa amani, na yupo ambaye katika maisha yake hajawahi kumpa mtu 5. Mwaka 2000 watafiti Steven Scullen, Michael Mount na Maynard Goff walichapisha uchambuzi wa alama za mameneja 4,492, ambao kila mmoja alipimwa na wakubwa zake, wenzake na walio chini yake. Walitaka kujua tofauti za alama zinatoka wapi. Katika kundi moja la takwimu asilimia 62 ya tofauti hizo, na katika jingine asilimia 53, ilitokana na namna ya pekee ya yule anayepima, wala si utendaji wa anayepimwa. Kwa maneno mengine, zaidi ya nusu ya kilichoandikwa kwenye fomu kilikuwa habari za mkono uliojaza fomu.

Kikao cha kulinganisha kipo ili kupunguza hilo. Kikiendeshwa vizuri, mkuu wa idara anasoma alama aliyompa mtu na ushahidi wake, mwenzake wa idara nyingine anamuuliza, “Kwangu mtu mwenye rekodi kama hiyo nimempa 3, wewe umempaje 4?”, na mmoja wao anarekebisha baada ya kueleza. Kinachobadilisha alama ni ushahidi, na sababu ya mabadiliko inaandikwa kwenye fomu.

Lakini kuna njia nyingine ya kuendesha kikao hicho, na katika waraka hutambulika kwa sentensi moja: “Wafanyakazi watakaopata 3.5 na zaidi hawatazidi asilimia 20 ya kila idara.” Hii ni mgawo wa lazima. Jina lake lilivuma kutokana na General Electric ya Marekani chini ya Jack Welch, ambako mameneja walitakiwa kuwagawa watu wao katika asilimia 20 ya juu, 70 ya kati na 10 ya chini. Microsoft nayo ilikuwa na mgawo wa aina hiyo hadi ilipouacha Novemba 2013.

Angalia mgawo huo unavyofanya kazi kwenye ghala letu. Ghalani kuna watu tisa. Asilimia 20 ya watu tisa ni 1.8, na hakuna mtu wa nane ya kumi, kwa hiyo ni mmoja. Tuseme mwaka huu ghala limekwenda vizuri, na msimamizi amewapa watu wanne alama za zaidi ya 3.5, akiwamo mtunza ghala wetu mwenye 3.64 baada ya lengo lake kurekebishwa. Watatu kati ya wanne lazima washushwe. Wa 3.64 atashushwa hadi 3.4, na maelezo kwenye fomu yake, yale aliyoyasoma na kuyatia saini, yataendelea kusema kwamba alivuka matarajio. Hii ndiyo dalili ya wazi kabisa: maneno ya fomu yanasema jambo moja na namba inasema jingine. Mfanyakazi akiona hivyo, ajue alama ilibadilishwa baada ya yeye kutoka chumbani.

Katika kampuni nzima ya watu 120, kusema “tunategemea kama watu 24 hivi watakuwa juu” ni kipimo chenye maana, kwa sababu kundi ni kubwa na likitoka na 90 kuna jambo la kuchunguza. Kuligeuza tegemeo hilo kuwa kikomo cha idara ya watu tisa ni kosa la hesabu linalolipwa na watu wasiohusika.

Naelewa kwa nini mameneja hufanya hivyo. Fungu la nyongeza limeshapitishwa na bodi, tuseme ni asilimia 4 ya mishahara yote, na ukiwapa watu wengi asilimia 6 fedha hazitoshi. Basi alama inashushwa ili itoshee kwenye fungu. Nimewahi kukaa kwenye kikao kama hicho na kuandika alama mpya kwa mkono wangu, na bado naona kwamba tulikosea. Palikuwa na njia nyingine mezani: acha alama kama ilivyo, punguza asilimia. Kama waliofika 3.5 ni wengi, nyongeza yao iwe asilimia 5 badala ya 6, na waraka useme mapema kwamba viwango vya jedwali hutegemea fungu la mwaka. Mfanyakazi atapata fedha pungufu, atanung'unika, lakini faili lake litakuwa na ukweli. Fedha za mwaka huu zitasahaulika. Alama itabaki kwenye faili, na miaka mitatu baadaye mtu asiyemjua ataisoma akiamua nani apande cheo na nani apunguzwe kazi.

Hapo tunarudi kwenye ile sentensi ya matumizi: nyongeza, cheo, mafunzo, mikataba. Mambo manne yamefungwa kwenye alama moja, na mojawapo haliendani na mengine. Ili msimamizi anisaidie kujifunza, lazima nimwambie ninachoshindwa. Nikijua kwamba jioni hiyohiyo ataandika namba itakayokuwa mshahara wangu, nitanyamaza. General Electric hiyohiyo, miaka mingi kabla ya Welch, ilichunguza jambo hili katika shughuli zake yenyewe, na matokeo yalichapishwa mwaka 1965 na Herbert Meyer, Emanuel Kay na John French. Walikuta kwamba kadiri mtu alivyokosolewa zaidi kwenye kikao cha tathmini ndivyo alivyojitetea zaidi, na yale aliyokosolewa sana ndiyo aliyoyaboresha kidogo kuliko mengine. Walishauri vikao viwili vitenganishwe: cha kuzungumzia kazi na cha kuzungumzia mshahara.

Waraka wetu una mapitio ya Juni, na hapo ndipo pa kutenganisha. Sentensi moja ingetosha: “Mapitio ya Juni hayatolewi alama na hayaingii kwenye hesabu ya nyongeza.” Mtunza ghala angeweza kwenda Juni na kusema kwamba hajui vizuri kutumia ile programu mpya ya kuhesabu mzigo, akapelekwa mafunzo, na Desemba akapimwa kwa kile alichojifunza. Sentensi hiyo isipokuwepo, atajifanya anaijua, na tofauti za mzigo zitaonekana kwenye vitabu mwezi wa tisa.

Neno “mikataba” ndilo linalowatia watu hofu zaidi, na hapa sheria ina maneno yake. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki anapomwachisha mtu kazi, na Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinaeleza utaratibu huo kwa utendaji duni. Linaloulizwa si namba. Inaulizwa kama kiwango kilichotakiwa kilikuwa cha busara, kama mfanyakazi alikijua, kwa nini hakukifikia, na kama alipewa nafasi ya kweli ya kukifikia. Mwajiri anatakiwa achunguze sababu, atoe maelekezo, na mafunzo pale yanapohitajika, kisha ampe mtu muda unaofaa wa kujirekebisha. Kabla ya uamuzi wa mwisho mfanyakazi asikilizwe, na anaweza kuwa na mwenzake wa kumsaidia. Alama ya 2.2 kwenye fomu, peke yake, haijakamilisha hata hatua moja ya hizo. Lakini fomu iliyojazwa vizuri ni ushahidi kwa pande zote mbili, kwa hiyo ile miezi mitatu ya mpango wa kuboresha utendaji isichukuliwe kama adhabu ya kusubiri iishe. Mpango huo unapaswa kuandika nini kirekebishwe, nani atasaidia, na lini watakutana tena. Mpango wenye tarehe ya mwisho tu, usio na msaada wowote ndani yake, mfanyakazi auonyeshe kwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi mapema.

Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, inaongeza jambo ninalolipenda: mwajiri anayetaka kumwachisha mtu kwa utendaji duni lazima amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mwenzake au mwakilishi wa chama akiwepo. Lugha anayoielewa! Nimeona fomu za kurasa sita za Kiingereza zikipelekwa kwa madereva na wapakiaji ambao kazi yao yote, tangu maelekezo ya asubuhi hadi ripoti ya jioni, hufanyika kwa Kiswahili. Msimamizi anatafsiri kwa mdomo, kila mmoja kwa namna yake, na “anatimiza matarajio” inakuwa “wa kawaida tu” katika ghala moja na “safi kabisa” katika jingine. Alama zinapishana kabla hazijaandikwa. Kama kazi inafanyika kwa Kiswahili, fomu iwe kwa Kiswahili.

Imebaki saini. Chini ya fomu kuna mstari wa mfanyakazi, na waraka wetu hausemi saini hiyo ina maana gani. Watu wengi hukataa kutia saini wakiogopa kwamba wamekubali, na msimamizi anaandika “amekataa kusaini”, maneno yanayosomeka vibaya sana kwenye faili. Kukataa hakumsaidii. Meneja angepaswa kuandika juu ya mstari ule, “Saini inathibitisha kwamba nimesoma na kujadiliwa nami, si lazima kwamba nimekubali.” Asipoandika yeye, mfanyakazi anaweza kuandika mwenyewe kwa kalamu, kando ya saini yake, aweke tarehe na kubaki na nakala. Picha ya simu inatosha. Rufaa nayo iwe na siku zake, kwa mfano siku kumi za kazi, na isikilizwe na mtu mwingine mbali ya msimamizi aliyetoa alama.

Mtunza ghala wetu, tuseme, hakuulewa waraka Januari na ameukuta mwisho wa mwaka akiwa na 3.22 yake. Anaandika sehemu ya maoni: “Nimesoma. Sikubaliani na alama ya lengo la pili. Daftari la getini linaonyesha muda magari yalipofika kupakia. Nakala za miezi mitatu zimeambatishwa.” Rufaa yake inasikilizwa, na huenda mwaka huo usibadilike, kwa sababu lengo alilitia saini mwenyewe. Lakini fomu ya mwaka unaofuata inakuja mezani Januari, na safari hii yeye na msimamizi wake wanakaa nusu saa nzima juu ya mstari mmoja, hadi unasomeka: gari lipakiwe na kukabidhiwa karatasi zake ndani ya dakika 45 tangu lilipofika ghalani, kwa mujibu wa daftari la getini.